Barua ya Mwaliko Iliyoandikwa Mara Mbili

Mwanzoni mwa mwezi Julai mwaka 2025 Maalim wetu alirejea Tanga kutoka Dar es Salaam akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na pasipoti yake na karatasi mbili zilizoandikwa kwa lugha ya kiofisi. Alinikabidhi baada ya swala ya Alasiri bila ya kusema neno, akaenda zake kuwasomesha watoto. Ombi lake la viza ya kwenda Uingereza lilikuwa limekataliwa.

Mwaliko wenyewe ulikuwa wa heri. Kituo kimoja cha Kiislamu katika mji wa katikati ya Uingereza, ambacho wengi wa waumini wake ni watu wa mwambao waliohamia huko, kilitaka Maalim aende kuwatolea mihadhara katika Mfungo Sita. Katibu wa kituo hicho alikuwa mwanafunzi wa Maalim tangu utotoni. Waliandika barua ya mwaliko, wakaituma, na sisi kwa furaha yetu hatukuisoma kwa jicho la mtu mgeni. Tuliisoma kwa jicho la watu wanaofahamiana.

Nilipoketi na ile karatasi ya kukataliwa upande mmoja na barua ya mwaliko upande wa pili, niliona kuwa ofisa aliyelikataa ombi hakuwa na neno baya juu ya Maalim. Alikuwa na maswali matatu ambayo barua haikumjibu. Mtu huyu anakwenda kufanya nini? Atakaa kwa muda gani? Na nani hasa atakayelipa, kiasi gani, na kwa sababu ipi?

Ndugu msomaji, ni vyema kwanza ufahamu barua ya namna hii husomwa na nani, maana wengi wetu tunadhani kuna balozi ofisini anayetuita na kutuhoji. Kwa viza ya mgeni wa kawaida ya Uingereza, mwombaji hujaza fomu katika tovuti ya gov.uk, hulipa ada, kisha huenda kwenye kituo cha kupokea maombi kwa ajili ya alama za vidole na picha. Watumishi wa kituo hicho hawatoi uamuzi. Uamuzi hutolewa na ofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ambaye kwa kawaida hamwoni mwombaji wala hamwiti kwenye mahojiano. Anasoma makaratasi, basi. Jambo ambalo halikuandikwa, kwake halipo. Na akikataa, kwa viza ya utalii au ziara kama hii hakuna rufaa ya kawaida, wala ada hairudishwi. Njia iliyobaki ni kuomba upya na kulipa upya.

Barua ya kwanza iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa hii:

"Kwa yeyote anayehusika. Sisi jamaa wa Kituo tuna furaha kubwa kumwalika shehe wetu mpendwa, mwanachuoni mkubwa na mcha Mungu, atutembelee katika mwezi mtukufu wa Rabiul Awwal ili atusaidie katika shughuli za msikiti na madrasa na kuinufaisha jamii yetu. Tutamgharamia kila kitu tangu kufika kwake hadi kuondoka, na inshaallah tutamkirimu kama inavyostahiki. Tunamdhamini kuwa ni mwaminifu na atarejea kwao. Tunauomba ubalozi wenu umpe viza."

Ni barua yenye adabu, na kila kilichomo kilikuwa kweli. Hata hivyo, kila sentensi yake ilimdhuru Maalim.

Tuanze na kusudi. Maneno "atusaidie katika shughuli za msikiti na madrasa" kwetu ni maneno ya heshima, mgeni hasifiwi kwa kuja kukaa tu. Lakini kanuni za wageni za Uingereza zinatofautisha ziara na kazi. Kiongozi wa dini anayeishi na kufanya kazi nje anaruhusiwa kuingia kwa viza ya mgeni ili kuhubiri au kutoa huduma za kiroho kwa muda mfupi. Asichoruhusiwa ni kuja kushika nafasi, yaani kuwa imamu wa msikiti au mwalimu wa madrasa kwa kipindi fulani. Hiyo ni ajira, nayo ina viza zake nyingine zenye masharti mazito zaidi. Ofisa aliyesoma kwamba mgeni anakuja "kusaidia" msikiti na madrasa aliona mbele yake mwalimu aliyeagizwa kuziba pengo. Huwezi kumlaumu. Barua haikusema kama wana imamu au hawana, wala Maalim angefanya nini siku ya Jumatatu asubuhi.

Nilimpigia simu katibu wa kituo. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, mnataka Maalim aje asalishe?" Akajibu, "La, imamu tunaye, na walimu wa madrasa tunao wanne. Tunataka darsa za jioni tu." Basi jambo lilikuwa jepesi, ila hakuna aliyeliandika.

Muda ulikuwa na kasoro ya aina nyingine. Barua ilisema "mwezi wa Rabiul Awwal". Ofisa hana wajibu wa kujua mwezi huo unaanza lini, na sisi wenyewe hatuujui mwanzo wake mpaka mwezi uandame. Zaidi ya hapo, nyaraka tatu zilisema mambo matatu. Katika fomu Maalim alikuwa amejaza siku 30, kwa kuwa mwezi ni siku 30 au 29. Barua ya msikiti wetu, ambayo niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu, ilisema amepewa ruhusa ya miezi miwili, kwa nia njema ya kumpa nafasi asiharakishwe. Na barua ya mwaliko haikutaja tarehe hata moja. Kwa mtu asiyetufahamu, ruhusa ya miezi miwili kwa safari ya mwezi mmoja ambayo mwenyeji wake hakuipangia siku, si ukarimu. Ni shaka.

Nakiri kosa hilo ni langu. Nimehitimu chuo cha Kiislamu, nimesoma aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake uliotajwa, na nimeifundisha. Kisha nikaandika barua rasmi bila ya kutaja siku ya kwanza wala siku ya mwisho.

Kisha gharama, na hapa ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. "Tutamgharamia kila kitu" ni ahadi isiyopimika. Kanuni zinaruhusu mtu mwingine kulipia nauli, malazi na matumizi ya mgeni, lakini ofisa anatakiwa aridhike kwa mambo kadhaa: kwamba mlipaji na mgeni wana uhusiano wa kweli, uwe wa kikazi au wa kibinafsi, kwamba mlipaji mwenyewe havunji sheria za uhamiaji, na kwamba anao uwezo na atatoa msaada huo kwa muda wote wa ziara. Barua yetu haikueleza uhusiano, haikutaja kiasi, haikuambatanishwa na taarifa ya benki ya kituo.

Na kutotaja kiasi kulizaa balaa jingine huku kwetu. Mshahara wa Maalim ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Jamaa zake walipoona akaunti yake ni nyembamba wakaingiwa na hofu, na ami yake akaweka humo shilingi milioni 3 siku tisa kabla ya kuwasilisha ombi. Walidhani wanamsitiri. Karatasi ya kukataliwa iliitaja fedha ile peke yake katika aya nzima: imetoka wapi, kwa nini imeingia wakati huo, na je, ni yake kweli? Ofisa anaposoma taarifa ya benki haangalii salio la mwisho tu. Anaangalia mwenendo wa miezi iliyopita na kuulinganisha na kipato kilichoandikwa kwenye fomu. Fedha inayotokea ghafla bila maelezo huwa mbaya kuliko akaunti ndogo iliyonyooka. Na hapakuwa na haja nayo, maana gharama zilikuwa za wenyeji.

Wenyeji nao walikuwa wamenunua tiketi mapema, ya bei nafuu isiyorudishwa, wakiamini kuwa kuiambatanisha kutalipa ombi nguvu. Mwongozo wa nyaraka uliomo katika tovuti ile ile ya gov.uk unazitaja tiketi za ndege na nafasi za hoteli kati ya vitu ambavyo mwombaji wa kawaida hana haja ya kuvituma. Fedha ile ilipotea.

Tukakubaliana kuomba upya, na kwamba safari hii barua ya mwaliko iandikwe kwa maswali matatu ya ofisa, si kwa sifa za mgeni. Katibu wa kituo aliandika rasimu, mimi nikaisoma kwa simu mbele ya kamati yetu, na tukarudishiana mara nne. Tulipofika kwenye neno "tutamkirimu", kikao kikasimama.

Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa. Mgeni aliyetoa darsa hawezi kuondoka mikono mitupu. Usiku wa mwisho kapu hupitishwa, kila mtu hutia alichojaaliwa, na mgeni hukabidhiwa. Kituo kile kina desturi hiyo hiyo. Na Maalim, ingawa hakuwahi kulisema mbele ya watu, alikuwa na tumaini nalo. Mabati ya upande wa kusini wa madrasa yetu yameoza, na alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya mabati na misumari.

Lakini kanuni za mgeni ni bayana: hapokei malipo kutoka chanzo cha Uingereza kwa kile anachokifanya akiwa huko, isipokuwa mambo machache yaliyotajwa, likiwemo gharama za kiasi za safari na kujikimu. Fedha inayochangwa kwa ajili ya mtu aliyetoa mihadhara, na kukabidhiwa yeye kwa sababu ya mihadhara hiyo, ni vigumu kumweleza ofisa kuwa si malipo.

Mzee mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu kama baba, alisema, "Mwanangu Katibu, zawadi si mshahara. Wewe liondoe hilo neno tu. Akifika huko, watakachompa ni baina yao na Mola wao."

Nilimwambia, "Mzee wangu, tukiondoa neno na kapu likabaki, tutakuwa tumemwandikia Maalim uongo na kumtia sahihi yake chini." Maana anayetia sahihi kwenye fomu si kituo wala si sisi, ni yeye. Na kudanganya katika ombi la viza kuna adhabu yake: mwombaji anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Msikiti utatafuta mgeni mwingine mwakani, naye atabaki na doa katika jina lake.

Mjadala ulikuwa mrefu na haukuwa mtamu. Mmoja wetu alisema tunawafundisha Wazungu kutukataza sadaka. Mwingine aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kwa nini tuitaje zawadi ambayo huenda isiwepo. Aliyeumaliza ni Maalim mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Alisema, "Waandikieni kwamba sitapokea. Na wao wasikusanye. Kama hawawezi kutokusanya, basi mimi nisende." Kituo kikaitisha kikao chao tarehe 10 Julai na kuandika katika muhtasari kwamba hakutakuwa na mchango wa mgeni. Ndipo neno lilipoondolewa, na mahali pake pakaandikwa sentensi yenye kukanusha waziwazi.

Barua ya pili iliandikwa kwenye karatasi yenye kichwa cha kituo, namba yake ya usajili katika Tume ya Taasisi za Hisani, anwani na simu, na tarehe 14 Julai 2025. Naiweka hapa kwa Kiswahili, nikiacha majina:

"Kwa Ofisa wa Viza.

"Tunamwalika Bwana Fulani bin Fulani, jina kama lilivyo katika pasipoti yake namba fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, atembelee kituo chetu kuanzia Alhamisi tarehe 28 Agosti 2025 hadi Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, yaani usiku 17.

"Kusudi la ziara ni kutoa mihadhara minane ya dini kwa waumini wetu, saa moja na nusu kila mmoja, katika jioni za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kati ya tarehe 29 Agosti na 13 Septemba. Ratiba imeambatanishwa. Hatashika nafasi yoyote katika kituo chetu. Imamu wetu wa kudumu ataendelea kuongoza swala, na walimu wetu wanne wataendelea na madrasa.

"Bwana Fulani ni mwalimu na naibu imamu mjini Tanga, Tanzania. Mwajiri wake amempa ruhusa na anamtarajia kazini Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, kama barua yake inavyoonesha. Katibu wetu alisoma kwake Tanga kuanzia mwaka 1998 hadi 2003, na tangu mwaka 2021 amekuwa akitoa darsa kwa waumini wetu kwa njia ya mtandao akiwa Tanga.

"Kituo kitalipa tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na London, takriban paundi 780, ambayo tutainunua baada ya viza kutolewa. Atalala nyumbani kwa katibu wetu, katika chumba cha peke yake, bila malipo. Barua ya mwenye nyumba na uthibitisho wa makazi yake vimeambatanishwa. Kituo kitatoa paundi 25 kwa siku kwa chakula na usafiri wa ndani, kwa siku 17, ambazo ni paundi 425. Jumla ya gharama za kituo ni paundi 1,205. Fedha hizi zitatoka katika akaunti ya kituo, na taarifa ya benki ya miezi sita pamoja na muhtasari wa kikao kilichoziidhinisha vimeambatanishwa. Bwana Fulani atalipa mwenyewe ada ya viza na nauli ya basi kati ya Tanga na Dar es Salaam. Hatalipwa mshahara, ada, wala mchango wowote kwa mihadhara yake."

Chini palikuwa na jina, cheo na sahihi ya mwenyekiti wa kituo, pamoja na namba yake ya simu. Barua nzima ilikaa katika ukurasa mmoja.

Utaona sifa za uchaji Mungu zimeondoka. Maalim alicheka alipoisoma, akasema, "Mmenivua kilemba." Umeondoka pia udhamini wa kwamba atarejea. Katibu wa kituo hakupenda kuuacha, akihisi ni kama kumkana mwalimu wake. Lakini mwenyeji aliye Uingereza hana njia ya kuthibitisha kurejea kwa mtu. Anachoweza kuthibitisha ni kile kilicho upande wake: ratiba, malazi, fedha. Kurejea huthibitishwa na yale yanayomsubiri msafiri nyumbani, na hayo ni kazi ya barua za huku. Kwa hiyo nami niliandika upya barua ya msikiti: tangu lini Maalim ni mwajiriwa wetu, analipwa kiasi gani, amepewa ruhusa kuanzia tarehe 26 Agosti hadi 16 Septemba, na nani anayesomesha darasa lake asipokuwepo. Tulimwambatanishia vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wanne na cheti cha ndoa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya kila kilichoandikwa Kiswahili. Tafsiri ya namna hii haitoshi kupigwa chapa tu. Mfasiri hutakiwa athibitishe kwa maandishi kuwa ni tafsiri sahihi ya waraka wa asili, aandike tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake.

Palitokea kituko kidogo cha hesabu. Mhazini wetu alihesabu siku 18 na kituo kikahesabu 17, na kila mmoja alikuwa sahihi: ukihesabu siku ya kufika na ya kuondoka zote mbili ni 18, ukihesabu malazi ni 17. Ndiyo sababu barua ikasema usiku 17. Sikutaka fomu iseme hivi na barua vile kwa mara ya pili.

Fomu nayo ilijazwa upya barua zote zikiwa mezani. Inauliza tarehe za kufika na kuondoka. Inauliza nani anakulipia, kiasi gani, na kwa nini anakulipia. Maalim aliandika tarehe zile zile, paundi 1,205 zile zile, na sababu ile ile ya uhusiano. Fomu inauliza pia kama umewahi kukataliwa viza, na hapo alijibu ndiyo, akaeleza lini. Kuficha kukataliwa ambako wao wenyewe ndio walioandika ni upungufu wa akili, licha ya kuwa ni dhambi. Zile shilingi milioni 3 tulizirejesha kwa ami yake kupitia benki, na Maalim akaandika maelezo ya mistari minne: ziliingia tarehe fulani, zilitoka kwa fulani, zimerudishwa tarehe fulani, na hazitegemewi katika safari hii. Akaunti ikabaki na shilingi 310,000 na senti zake. Iliwasilishwa hivyo hivyo.

Ninawaonya wanaokata kipande hiki cha gazeti ili kukihifadhi: barua nzuri haimpi mtu viza. Kama Maalim angekuwa hana kazi, au kama kituo kisingekuwa na fedha ilizodai kuwa nazo, tarehe na jumla zilizopangika zisingefaa kitu. Barua iliyo bayana humwezesha ofisa kuona hali ilivyo, basi, na hali ikiwa mbovu ataiona mapema zaidi. Na nchi hazifanani. Kanuni nilizozitaja ni za Uingereza kwa viza ya mgeni. Anayealikwa kwingineko atazame masharti ya huko kabla ya kuiga barua yetu.

Ombi liliwasilishwa katikati ya Julai. Ada tuliichangia sisi wanakamati, kwa kumkopesha Maalim, kwa kuwa barua ilisema atalipa mwenyewe. Tuliandikiana deni hilo na muda wake, na amekuwa akilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Wiki ya kwanza ya Agosti alipigiwa simu akachukue pasipoti yake. Viza ilikuwamo.

Ilikuwa ya miezi sita, kama zilivyo kwa kawaida viza hizi, na hapo palizuka fitina ya mwisho. Jamaa wawili walimshauri abakie hadi Desemba, kwa kuwa karatasi inamruhusu. Maalim aliwaonesha barua ya mwaliko, tarehe 14 Septemba, na barua yangu, tarehe 17. Kituo kilinunua tiketi kwa tarehe hizo, na ikawa paundi 812, si 780. Barua ilisema "takriban", na hakuna aliyeuliza.

Alitoa mihadhara yake minane. Usiku wa mwisho mzee mmoja, asili yake Pangani, alimfuata hadi kwenye viatu akitaka kumtia bahasha mfukoni. Maalim akamshika mkono, akamwambia ameandika kuwa hatapokea. Yule mzee alikasirika kidogo, kisha akaitia bahasha katika sanduku la msikiti wao.

Tarehe 17 Septemba saa mbili asubuhi alikuwa darasani. Nakala ya barua nimeiweka katika jalada la kamati, pamoja na ile ya kwanza, ili katibu ajaye azione zote mbili. Mabati ya upande wa kusini bado ni yale yale. Mvua za vuli zilipoanza, watoto wa juzuu amma tuliwahamishia barazani kwa msikiti.